Kauli ya utafutaji haizai namba uliyoandika: kutibu aya ya mbinu katika mapitio ya kimfumo

Muswada umerudi kutoka jaridani. Mhakiki wa kwanza ameuliza mambo ya takwimu, yanajibika. Mhakiki wa pili ameandika sentensi moja tu: utafutaji hauwezi kurudiwa. Hakusema tatizo liko wapi, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu aya ya utafutaji ni fupi na ukiisoma wewe mwenyewe inaonekana imekamilika.

Njia ya kulipata tatizo ni kujifanya mgeni. Chukua makala yako na viambatisho vyake, funga kila faili jingine, kisha nakili kauli ya utafutaji kutoka kwenye ukurasa uliochapwa, ubandike kwenye kanzidata uliyoitaja, na ulinganishe namba. Ukikwama popote, umefika penye ugonjwa. Nitafanya hivyo hapa kwa aya moja. Nimeitunga, namba zake pia nimezitunga, lakini kila kosa lililomo nimelikuta kwenye miswada ya watu, na mawili yalikuwa ya kwangu.

Mada ni matumizi ya dawa ya SP, yaani sulfadoxine-pyrimethamine, kwa kinga ya malaria kwa wajawazito, kinga iitwayo kwa kifupi IPTp, nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Aya inasema:

"Tulitafuta katika PubMed, HINARI, EBSCO, Cochrane na Google Scholar mwezi Machi 2023 kwa kutumia maneno kama malaria, ujauzito, IPTp na Afrika Mashariki. Makala 1,284 zilipatikana. Mapitio yalifanywa kwa kufuata PRISMA."

Dalili ya kwanza: mgeni hajui pa kwenda kubandika

Aya imetaja majina matano, ila ni moja tu kati ya hayo linalotosha kumfikisha mtu mahali pale pale alipokuwa mwandishi. Chanzo chake ni kuchanganya mlango na ghala. Ghala ni kanzidata, yaani mkusanyiko wa rekodi wenye mipaka yake. Mlango ni jukwaa au huduma unayopitia kulifikia.

Hinari ni mlango. Ni mpango wa Research4Life unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida bure au kwa bei nafuu, na kwetu Afrika Mashariki ndiyo njia iliyozoeleka ya kufikia makala kamili. Lakini mtu akisema ametafuta Hinari, swali linabaki: alitafuta nini humo ndani? Katika aya yetu, mwandishi alipoulizwa alikumbuka kwamba aliingia Hinari, akabofya kiungo cha PubMed, akaandika kauli fupi kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo alitafuta PubMed mara mbili kwa kauli mbili tofauti, na kuandika kama kanzidata mbili. Dawa si kuufuta utafutaji ule wa pili, maana rekodi zake zimeshaingia kwenye uchujaji. Dawa ni kuueleza kama ulivyokuwa: PubMed, utafutaji wa pili, na kauli yake iwekwe kiambatishoni.

EBSCO ni hivyo hivyo. EBSCOhost ni jukwaa lenye kanzidata nyingi, na chuo hulipia baadhi tu. Mwandishi wetu alikuwa ameweka tiki kwenye CINAHL peke yake, jambo jema, maana angeweka tiki kwenye tatu kwa pamoja angelazimika kuzitaja zote tatu na kusema zilitafutwa kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo "CINAHL" haijamaliza neno. Kuna CINAHL Plus with Full Text, CINAHL Complete na CINAHL Ultimate, nazo hazilingani kwa idadi ya majarida. Jina kamili huonekana juu ya kisanduku cha kutafutia. Nakili kama lilivyo.

EBSCOhost ina mtego mwingine ambao watu hawauoni. Chini ya kisanduku kuna vitufe kama `Apply equivalent subjects` na `Also search within the full text of the articles`. Kimoja kikiwa kimewashwa, kauli ile ile huleta rekodi nyingi zaidi, wakati mwingine mara kadhaa. Mgeni akibandika kauli yako huku kitufe kimezimwa, atapata namba ndogo na atadhani umekosea. Sentensi moja inatosha: vipanuzi vyote vilizimwa, au kipi kiliwashwa.

Web of Science haimo kwenye aya hii, lakini huja mara kwa mara kwa ugonjwa huo huo. Ni jukwaa. Wengi humaanisha Core Collection, ambayo nayo ni kundi la faharasa, na kila chuo kina zile ilizolipia. Taja Core Collection, kisha faharasa ulizokuwa nazo.

"Cochrane" ndiyo rahisi kuliko zote. Ndani ya Cochrane Library kuna mapitio yaliyokwisha kuandikwa, na kuna CENTRAL, ambayo ni rejista ya majaribio. Anayetafuta tafiti za msingi anataka CENTRAL. Iandike hivyo, pamoja na toleo, kwa mfano toleo la 3 la mwaka 2023.

PubMed ndilo jina pekee linalosimama lenyewe, kwa sharti moja: usiite MEDLINE. MEDLINE ni sehemu ya PubMed iliyowekewa faharasa ya MeSH. PubMed ina pia rekodi nyingine, zikiwemo zile mpya ambazo faharasa haijazifikia. Aliyetafuta MEDLINE kupitia Ovid na aliyetafuta PubMed hawakutafuta kitu kimoja, hata kama kauli zao zinafanana.

Dalili ya pili: kauli imebandikwa, namba imekuja tofauti kabisa

Hapa nitakaa kidogo, maana sababu ni nyingi na zinafanana usoni.

Sababu ya wazi ni kwamba hakuna kauli. "Maneno kama malaria, ujauzito, IPTp" ni orodha ya mada. Neno "kama" peke yake linamwambia mgeni kwamba kuna maneno mengine yamefichwa. Mwongozo wa PRISMA wa mwaka 2009 uliridhika na kauli kamili ya kanzidata moja angalau. PRISMA 2020 imeondoa nafuu hiyo: kipengele cha 7 kinataka kauli kamili za kanzidata zote, rejista zote na tovuti zote, pamoja na vichujio na mipaka iliyotumika. Bado nakutana na miswada inayosema "mfano wa kauli ya PubMed uko kiambatisho cha 1" na mambo yakaishia hapo. Huo ni utii kwa mwongozo uliopita.

Tuseme sasa kauli ipo. Mwandishi ametafuta kwenye faili zake akaipata hii:

```
malaria AND pregnancy OR antenatal AND IPTp AND Kenya
```

Haina mabano. PubMed huisoma kutoka kushoto kwenda kulia, hatua kwa hatua, kama msomaji asiyejua hesabu ya kuzidisha kwanza. Inachukua malaria NA ujauzito, inaongeza AU kliniki ya wajawazito, kisha inabana jumla hiyo yote kwa IPTp na Kenya. Web of Science haifanyi hivyo: AND hutangulia OR, kwa hiyo "malaria AND pregnancy" linakuwa fungu zima linalojitegemea, lisilobanwa na Kenya wala IPTp. Kauli moja, majukwaa mawili, na upande mmoja maelfu ya rekodi za malaria na ujauzito kutoka dunia nzima. Ukiona kanzidata moja imeleta namba kubwa isiyoeleweka kulinganisha na nyingine, anza kutazama mabano kabla ya kutazama kitu kingine.

Sababu ya pili imo ndani ya PubMed yenyewe. Neno likiandikwa bila lebo ya uga, PubMed hulitafsiri kimyakimya: hutafuta neno lenyewe, huongeza istilahi ya MeSH inayolingana nalo, na wakati mwingine maumbo mengine ya neno. Msaada huo ni mzuri kwa mtu anayetafuta makala mbili za kusoma jioni. Kwa mapitio ya kimfumo una kasoro, kwa sababu MeSH hubadilishwa kila mwaka na tafsiri hubadilika nayo. Uliloandika ni `malaria`, lililotafutwa ni jingine, na mwakani litakuwa jingine tena. Tafsiri hiyo haijafichwa. Fungua `Advanced`, shuka hadi `History and Search Details`, bofya mshale ulio chini ya `Details`. Maandishi yanayojitokeza pale ndiyo kauli halisi, na ndiyo ya kuweka kiambatishoni kama ulikuwa umeandika maneno matupu.

Kwa utafutaji mpya, andika lebo mwenyewe na usimwachie mtu kubahatisha:

```
("Malaria"[Mesh] OR malaria[tiab] OR plasmodium[tiab])
AND ("Pregnancy"[Mesh] OR pregnan*[tiab] OR antenatal[tiab])
AND (iptp*[tiab] OR "intermittent preventive"[tiab]
  OR sulfadoxine[tiab] OR sulphadoxine[tiab])
AND ("Tanzania"[Mesh] OR "Kenya"[Mesh] OR "Uganda"[Mesh]
  OR tanzania*[tiab] OR kenya*[tiab] OR uganda*[tiab])
```

Tazama kwamba kila fungu lina istilahi ya MeSH pale inapopatikana, na maneno huru ya kichwa na ikisiri. Rekodi mpya isiyo na MeSH bado itanaswa na maneno huru. Na `sulphadoxine` ya Kiingereza cha Uingereza imo, maana majarida mengi ya kwetu huandika hivyo.

Sababu ya tatu ni alama za kunukuu. PubMed haitafuti kila fungu utakalolifunga kwa alama hizo. Hutazama kwanza orodha yake ya mafungu. Fungu likikosekana, ujumbe hujitokeza juu ya matokeo:

```
Quoted phrase not found in phrase index
```

na fungu huvunjwa, maneno yakatafutwa moja moja. Watu huuona ujumbe huo, wakaufumbia macho kwa kuwa matokeo yamekuja. Kisha wanaandika kwenye makala kwamba walitafuta fungu kamili. Hawakulitafuta.

Kuna pia uharibifu wa programu ya kuandikia. Ukiihamishia kauli kwenye waraka, programu hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na kistari kifupi kuwa kirefu. Kwa jicho ni kitu kile kile. Injini ya kutafutia huenda isizitambue kama alama za kunukuu. Kinyota nacho hupotea, hasa pale programu inapodhani unataka maandishi mazito. Ndiyo maana napendelea kiambatisho cha kauli kiwe faili la maandishi matupu la `.txt`, au angalau maandishi yenye upana sawa wa herufi ambayo hakuna aliyeyarembesha. Halafu jaribu lile la mwanzo, la kubandika, lifanyike kutoka kwenye kiambatisho chenyewe na si kutoka kwenye daftari lako.

Kwa wanaotumia Ovid, ugonjwa una sura nyingine kabisa. Ovid hujenga utafutaji kwa mistari yenye namba:

```
1  exp Malaria/
2  (malaria or plasmodium).ti,ab.
3  1 or 2
4  exp Pregnancy/
5  (pregnan* or antenatal).ti,ab.
6  4 or 5
7  3 and 6
```

Mwandishi akifuta mstari mmoja wakati wa kusafisha kiambatisho, namba zote za chini husogea lakini "3 and 6" hubaki ilivyo, na sasa inaelekeza kwenye mistari isiyo yake. Kosa hili halionekani kwa kusoma juujuu. Linaonekana kwa kufuata kila namba kwa kidole. Usisafishe. Nakili historia nzima ilivyo, pamoja na idadi ya matokeo ya kila mstari. Idadi hizo zinamsaidia mgeni kujua mkosi ulianzia mstari upi, badala ya kujua tu kwamba jumla ya mwisho haifanani.

Na kauli ya PubMed isipelekwe Ovid au CINAHL kama ilivyo. `[tiab]` haina maana huko. Ukiona muswada unaosema "kauli ile ile ilitumika katika kanzidata zote", ama mwandishi ameandika kwa mazoea, ama kweli alibandika kauli yenye lebo za PubMed kwenye CINAHL na kupata takataka. Kila kanzidata iwe na kauli yake kiambatishoni, kwa sarufi yake.

Dalili ya tatu: "Machi 2023" ni tarehe gani?

Aya ya utafutaji hubeba tarehe za aina tatu na waandishi hutaja moja wakitegemea itazibeba zote. Ya kwanza ni siku uliyotafuta. Ya pili ni mpaka uliouweka kwa makusudi, mathalani makala zilizochapishwa kuanzia mwaka fulani. Ya tatu ni kipindi kinachofunikwa na kanzidata yenyewe. "Tulitafuta kuanzia 2012 hadi Machi 2023" inaweza kumaanisha lolote kati ya hayo, na msomaji mmoja ataelewa hivi, mwingine vile.

PRISMA 2020, kipengele cha 6, inataka tarehe ya mwisho ya kutafuta kwa kila chanzo. Mwezi hautoshi, kwa kuwa PubMed hupokea rekodi mpya kila siku. Andika siku, mwezi na mwaka, kanzidata kwa kanzidata, hata kama zote zilitafutwa ndani ya wiki moja.

Mpaka wa mwaka unataka sababu. Kwa mada yetu sababu ipo: Oktoba 2012 Shirika la Afya Duniani lilibadili pendekezo lake, likataka SP itolewe katika kila hudhurio la kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito. Mpaka wa 2012 basi unaeleweka, ila usemwe hivyo, na usemwe uliwekwaje, kwa kichujio cha pembeni au ndani ya kauli. Kichujio cha pembeni hakionekani kwenye kauli uliyoinakili kutoka kisandukuni, na hiyo ni sababu nyingine ya namba kutofautiana. Vivyo hivyo kichujio cha `Humans`: kinategemea MeSH, kwa hiyo kinatupa nje rekodi zisizo na faharasa, nazo mara nyingi ndizo mpya kabisa.

Tatizo gumu ni tarehe iliyopotea. Historia ya PubMed hufutika baada ya saa 8 bila kuitumia, na aliyetafuta mwaka juzi bila kuipakua hana pa kuitazama. Lakini nyayo hubaki. Fungua faili la `.nbib` ulilopakua siku ile. Kila rekodi ina mstari wa namna hii:

```
CRDT- 2023/03/14 03:27
```

Hiyo ni siku rekodi ilipoundwa ndani ya PubMed. Tafuta ile ya karibuni zaidi katika faili zima. Utafutaji haukuweza kufanyika kabla ya hapo. Kisha tazama siku faili lilipohifadhiwa kwenye kompyuta, au safu ya `Date Added` kwenye Zotero. Utafutaji haukuweza kufanyika baada ya hapo. Mara nyingi tarehe hizo mbili zinapishana kwa siku moja au mbili tu, na mwandishi wetu alipata 14 na 15 Machi. Aliandika 15 Machi 2023, siku ya kupakua, na kiambatishoni akaeleza alivyoipata. Hakuna mhakiki aliyewahi kunigombeza kwa maelezo ya namna hiyo. Hugomba pale tarehe inapobuniwa na ikagongana na rekodi zilizomo.

Ukishakuwa na tarehe, unaweza kuirudisha PubMed nyuma kwa makadirio. Ongeza mwishoni mwa kauli yako:

```
AND 1900/01/01:2023/03/15[crdt]
```

Mwandishi alikuwa ameandika 412. Jaribu la leo lilitoa 419. Tofauti ya saba haimshtui anayeijua PubMed: rekodi za zamani zimepata MeSH baadaye, ikisiri zimerekebishwa, istilahi zimebadilishwa. Lingetoa 830, ningerudi dalili ya pili. Kanzidata nyingi hazina uga wa namna hii unaoaminika, basi kwa CINAHL usitegemee muujiza.

Dalili ya nne: jumla haijumliki

Mchoro wa mtiririko ulionyesha PubMed 412, Hinari 248, CINAHL 187, CENTRAL 61 na Google Scholar 200. Jumlisha: 1,108. Aya inasema 1,284. Pengo ni 176.

Pengo la namna hii lina chanzo kimoja mara nyingi kuliko vyote, nacho ni utafutaji wa marudio. Jarida lilikuwa limechelewa, mwandishi akatafuta tena PubMed tarehe 4 Septemba 2023, akapata 176 mpya, akazijumlisha kwenye aya lakini akasahau mchoro. Kurudia ni jambo zuri. Cochrane kwa mfano hutaka utafutaji usizidi miezi 12 kabla ya kuchapishwa. Ila marudio nayo yana tarehe yake na kauli yake, na kama ulitumia kauli ya kwanza yenye mpaka wa tarehe ya kuingia, mpaka huo uandikwe. Hapa tatizo lililobaki ni kwamba PubMed pekee ndiyo iliyorudiwa. CINAHL na CENTRAL zimebaki Machi. Hilo haliwezi kurekebishwa kwa maneno. Ama zirudiwe, ama lisemwe waziwazi kama upungufu.

Halafu angalia kama 1,284 ni kabla au baada ya kuondoa rekodi zinazojirudia. Aya haisemi. Ilikuwa kabla, zilizojirudia zilikuwa 391, zikabaki 893.

Dalili ya tano: Google Scholar

Haiwezi kurudiwa, na usijifanye inaweza. Huonyesha matokeo 1,000 tu kwa kauli hata ikidai kuna laki mbili, haikubali kinyota cha kukata neno, hukata kauli ndefu, na mpangilio wake hubadilika. Kwa hiyo unachoripoti ni ulichofanya: maneno yaliyobandikwa, tarehe, mpangilio wa matokeo, na uliangalia mangapi. Mwandishi wetu aliangalia 200 ya kwanza kwa mpangilio wa uhusiano na maneno. Hilo linatosha, mradi halikuitwa kanzidata sawa na PubMed.

Tovuti kama AJOL, na African Index Medicus iliyomo ndani ya Global Index Medicus, zina visanduku vyepesi visivyobeba kauli ndefu. Watu hutafuta humo kwa maneno mawili matatu, halafu huona aibu kuyaandika. Yaandike. Kama ulitafuta `IPTp` peke yake, hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Dalili ya sita: marejeo yanataja kitu kisichofanyika

"Mapitio yalifanywa kwa kufuata PRISMA." PRISMA ni mwongozo wa kuripoti. Haufundishi kufanya mapitio, na wahariri wengi husahihisha sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Sema mapitio yameripotiwa kwa kufuata PRISMA 2020, na rejeo liwe la 2020, lililochapishwa 2021, si la 2009. Muswada wenye mchoro wa toleo jipya na rejeo la toleo la zamani ni wa kawaida mno. Watu hunakili rejeo kutoka kwenye tasnifu ya rafiki.

Kwa utafutaji hasa kuna PRISMA-S, nyongeza iliyochapishwa 2021 yenye vipengele 16. Mengi ya niliyoyasema hapa yamo humo: jukwaa, kutafuta kanzidata kadhaa kwa mkupuo, vichujio, marudio, idadi kwa chanzo, kuondoa zinazojirudia. Ukiirejea, jaza orodha yake yote, kwa sababu mhakiki atakayeijua atakwenda kipengele kwa kipengele.

Zaidi ya hapo, rejea vitu ambavyo si vyako. Kichujio cha majaribio ulichokichukua Cochrane kinahitaji rejeo, na ukikibadilisha sema ulibadilisha nini. Kauli uliyoirithi kwenye mapitio ya mtu mwingine inahitaji rejeo. Rayyan, kama ulichujia humo, ina makala yake ya 2016. Kanzidata zenyewe kwa kawaida hazihitaji nafasi kwenye orodha ya marejeo. Hutajwa ndani ya aya kwa jina na jukwaa. Kauli zako, kwa upande mwingine, zinaweza kurejewa: ziweke Zenodo, OSF au searchRxiv, upate DOI, na aya iitaje. Ni afadhali kuliko kiambatisho ambacho jarida huenda likakipoteza likihamia tovuti mpya.

Aya ya mwandishi wetu, baada ya yote hayo:

"Tulitafuta PubMed (15 Machi 2023, marudio 4 Septemba 2023), CINAHL Complete kupitia EBSCOhost, vipanuzi vikiwa vimezimwa (16 Machi 2023), na CENTRAL katika Cochrane Library, toleo la 3 la 2023 (16 Machi 2023). Utafutaji wa pili wa PubMed, kwa kauli fupi, ulifanywa 15 Machi 2023. Tulikagua pia matokeo 200 ya kwanza ya Google Scholar (17 Machi 2023). Makala zilizochapishwa kabla ya 2012 hazikujumuishwa kwa sababu ya mabadiliko ya pendekezo la Shirika la Afya Duniani la Oktoba 2012. Hapakuwa na mpaka wa lugha. CINAHL na CENTRAL hazikurudiwa. Kauli kamili za kila chanzo, na idadi ya rekodi za kila moja, ziko kiambatisho cha 1. Rekodi 1,284 zilipatikana. 391 zilizojirudia ziliondolewa. Utafutaji umeripotiwa kwa kufuata PRISMA-S."

Imekuwa ndefu karibu mara nne ya ile ya kwanza. Jarida likilalamikia idadi ya maneno, kinachohamia kiambatishoni ni maelezo ya vipanuzi na toleo la CENTRAL. Majina ya kanzidata, tarehe zake na sentensi ya kutorudiwa vibaki kwenye aya.